Saa Niliyoagizwa Kuandika

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na sioni sababu ya kulificha hilo. Msamehevu wa familia yetu ni mama, naye anatosha kwa wote. Mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye wa kwanza kusema pole. Nimemwona akifanya hivyo maisha yake yote pale kijijini kwetu Ruanda, huku Mbinga, na kila alipofanya hivyo mimi nilikuwa naweka akiba ya hasira kwa niaba yake.

Akiba hiyo ilianza siku aliyopeleka kahawa yake kwa mnunuzi. Ulikuwa wakati wa soko huria. Ushirika ulikuwa umechoka, makampuni ya watu binafsi yalikuwa yamejaa Mbinga, na kila mwenye mzani na turubai alijiita mfanyabiashara wa kahawa. Huyu wetu alikuwa na zaidi ya mzani. Alikuwa na ofisi yenye vigae, gari jeupe, na sauti inayosikika kabla mlango haujafunguliwa. Mama alikuwa ameiosha kahawa yake kwa maji safi ya kijito, ameianika juu ya vichanja, ameichagua punje kwa punje na wanawake wenzake wa kikundi. Yule bwana akaingiza mkono kwenye gunia, akanusa, akasema mbele ya foleni nzima, "Mama, hii inanuka moshi. Umeianikia jikoni?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akapokea daraja la chini alilopewa, akarudi nyumbani.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimetoka chuo cha kompyuta Songea, sina kazi. Miezi michache baadaye nikaajiriwa na bwana huyohuyo. Mtu atauliza kwa nini nilikubali. Nilikubali kwa sababu Mbinga nzima ofisi zilizohitaji mtu wa kompyuta zilikuwa za kuhesabika, na kwa sababu nilitaka kumwona kwa karibu.

Nilimtengenezea tovuti. Siku moja akaniletea picha za kupamba ukurasa wa mbele. Mojawapo ilikuwa ya vichanja vilivyojaa kahawa nyeupe safi, na pembeni, kwenye mti wa mwisho wa kichanja, ilining'inia khanga. Niliijua ile khanga. Nilikuwa nimeifua mara nyingi, nisingeweza kukosea. Vile vilikuwa vichanja vya mama, na ile ilikuwa kahawa ileile aliyosema inanuka moshi.

"Chini yake andika, 'Kutoka mashamba yetu wenyewe,'" akasema.

"Mashamba yetu, Mkurugenzi?"

"Binti, andika."

Nikaandika. Sikukosea hata herufi moja. Jioni nilipomwambia mama kwa simu, akasema, "Basi angalau imeonekana." Nilikata simu kabla sijamjibu vibaya mzazi wangu.

Mwaka uliofuata bwana mkubwa akapata wazo la kuwaalika wanunuzi wa nje waje waonje kahawa. Hakutaka wakae Mbinga mjini. Alikuwa anajenga nyumba ya wageni kule Lituhi, ufukoni mwa ziwa, na alitaka waione. Wageni wangefika jioni ya mkesha na kulala kule kwenye vyumba vilivyokuwa tayari, na asubuhi kungekuwa na hotuba yake, kisha kuonja kahawa yake, kisha samaki. Wanawake wa kikundi cha mama nao walialikwa. Walialikwa kucheza kioda, ngoma ya wanawake wa kwetu.

"Wageni wanapenda ngoma," alisema. "Waambie wavae sare."

Hao ndio waliolima, wakachuma, wakaosha na kuanika. Kazi yao siku hiyo ingekuwa kutikisa mabega kati ya hotuba na chakula. Nilimuuliza kama wangeweza kuweka hata meza moja ya kahawa yao. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na kiti chake.

Kazi yangu ilikuwa usajili. Mgeni aliingia kwenye tovuti, akajaza jina, kampuni na barua pepe, kisha akatumiwa kiungo chake mwenyewe cha kuongeza shughuli kwenye kalenda ya simu. Akikibonyeza, kompyuta inayoendesha tovuti inamtengenezea faili dogo la kalenda palepale, simu inalifungua na kuuliza, uongeze? Akikubali, siku, saa na mahali vinaingia vyenyewe, pamoja na kengele ya kumkumbusha.

Lile faili ukilifungua kama maandishi ya kawaida ni mistari michache tu. Mstari mmoja ni utambulisho wa shughuli, usiofanana na wa shughuli nyingine yoyote duniani. Mwingine ni saa ya kuanza, mwingine ya kumaliza, mwingine mahali, na mwingine namba ya toleo, inayoanza na sifuri. Nilipenda unyofu wake. Mara ya kwanza nilikosea nikaandika saa ya kuanza nikaiwekea herufi ya mwishoni inayosema kwamba hii ni saa ya dunia, ile ya Greenwich, na simu yangu ikaongeza saa tatu, shughuli ya saa mbili asubuhi ikakaa saa tano. Nikaondoa saa tatu kwenye hesabu, nikajaribu tena, ikakaa panapostahili. Nikajaribu pia kwenye simu ya muuza duka jirani, mzee wa Kilwa aliyehamia kwetu zamani, ambayo ilikuwa ya aina nyingine. Ikakaa. Akanipa soda kwa furaha ya kuona simu yake inajua mambo.

Kabla ya hapo lakini ilikuwa lazima niambiwe saa. Nilimfuata ofisini.

"Tunaanza saa nne," alisema. "Andika saa mbili."

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Kadi ya harusi ikisema saa nane, mpishi anajua ni saa kumi. Mwenye shughuli anaandika saa ya uongo, mwalikwa anaisoma akijua ni ya uongo, na wote wanakutana kwenye saa ya kweli bila mtu kumlaumu mwenzake. Nimekula pilau nyingi kwa mtindo huo na sina ugomvi nao. Lakini kadi haina kengele. Kadi haimwamshi Mzungu wala mnunuzi wa Moshi kumwambia bado saa moja. Nikaanza kumweleza.

"Mkurugenzi, hii inaingia kwenye simu zao, inawapigia kengele. Watakuja saa hiyohiyo..."

Akainua kiganja. "Binti, wewe kazi yako ni kubofya. Kupanga niachie mimi."

Nilitoka pale nikiwa nimewaka masikio. Nilikaa kwenye kompyuta nikaitazama ile nafasi ya saa, tupu, inasubiri. Ndipo likanijia, taratibu, kama chai inayokolea. Akisema saa mbili, mimi nani niandike nyingine? Nikaandika saa mbili. Kengele nikaiweka ilie saa moja kabla. Sikuongeza neno na sikupunguza.

Jumapili nikapanda kwenda Ruanda. Mama alikuwa anapepeta maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheka peke yako?"

Nikamweleza. Wageni wangekuwa ukumbini saa mbili kamili, bwana mkubwa angefika saa nne. Katikati hapo hakuna mwenye nyumba. "Msije na ngoma tu," nikamwambia. "Njooni na kahawa, na vikombe, na majina yenu."

Akaacha kupepeta. "Hiyo si kama kuiba?"

"Mama, mwizi ni yule aliyeweka khanga yako kwenye tovuti."

"Wakija wakanusa moshi je?"

Swali hilo lilinichoma kuliko yote. Kumbe tangu siku ile alikuwa amelibeba. Mwanamke aliyelima kahawa tangu anaolewa alikuwa ameanza kuishuku pua yake mwenyewe, kwa sababu ya kicheko cha foleni. Nikamwambia hakuna moshi. Akasema atawauliza wenzake. Wenzake hawakuhitaji kuulizwa mara mbili. Mwenyekiti wao, mjane mwenye kifua cha kuimbia, alisema, "Mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Sisi tutapeleka miguu." Bwana shamba akawakaangia kahawa kwa kile kimtambo chake kidogo cha sampuli, akasema hajui inaenda wapi na hataki kujua.

Wageni wakajisajili mmoja mmoja. Nilikuwa naona kwenye kompyuta kila kiungo kilipobonyezwa, na kila kilipobonyezwa nilijua kuna simu mahali fulani, Moshi, Dar es Salaam, nchi za nje, iliyokwisha kubeba saa mbili tumboni. Mkurugenzi naye alikuwa amejisajili kabla yao, maana alitaka jina lake liwe la kwanza. Akaongeza kwenye kalenda yake, akaona saa mbili, akatabasamu. Kwake ile ilikuwa saa ya kadi.

Wiki yenyewe ilipofika, mambo yalitaka kuniharibikia. Mhasibu wetu, kijana wa Songea mwenye akili za haraka, aliingia ofisini kwa bosi nikiwa ndani, akasema, "Bosi, wale wa nje wanafuata saa. Ukiwaandikia saa mbili watakuja saa mbili kweli." Ndicho nilichotaka kusema mimi nikainuliwa kiganja. Kwa mhasibu kiganja hakikuinuka.

Bosi akanigeukia. "Umesikia? Badilisha kule kwenye tovuti. Weka saa nne."

"Kwenye tovuti?"

"Sasa wapi tena? Kwenye tovuti!"

Hapa naomba msomaji anifuate vizuri, kwa sababu kisasi changu chote kimekaa kwenye sentensi hiyo. Faili la kalenda likishaingia kwenye simu, linaishi kwenye simu. Halirudi kwenye tovuti kuuliza kama kuna habari mpya. Ukibadilisha saa kule lilikotengenezwa, atakayechukua faili baada ya hapo ataona saa mpya, na aliyekwisha kulichukua atabaki na ya zamani. Ili kuwabadilishia wote, ilinipasa nitengeneze faili jipya lenye utambulisho uleule na namba ya toleo iliyoongezwa, kisha nimtumie kila mmoja kwa barua pepe, alifungue, na simu itambue kwamba hii ni shughuli ileile iliyosahihishwa. Ilikuwa kazi ndogo. Ningeimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini sikuagizwa kutuma barua pepe. Niliagizwa kubadilisha kwenye tovuti, nami nikabadilisha kwenye tovuti, mbele ya macho yake. Nikaweka saa nne, nikapandisha namba ya toleo.

"Hakikisha," akasema.

"Hakikisha mwenyewe, Mkurugenzi. Bonyeza kiungo chako."

Akabonyeza. Simu yake ikachukua faili jipya, ikaona utambulisho ni uleule na toleo ni la juu, ikaifuta saa mbili na kuweka saa nne mahali pake. Akaigeuza simu amwonyeshe mhasibu. "Umeona? Mambo ya kisasa." Mhasibu akaridhika, bosi akaridhika, na mimi nikaridhika kuliko wote wawili. Wageni wote walikuwa wameshachukua mafaili yao. Aliyebadilishiwa saa alikuwa yeye peke yake.

Kwenye faili lake nilikuwa nimeongeza na kitu kingine kidogo, mstari mmoja mfupi. Nitausema mwishoni.

Siku ya mkesha nilishuka Lituhi na mashine ya kuonyeshea picha na meza ya usajili. Wanawake walikuja kwa lori lililokuwa linafuata samaki, wamekaa juu ya magunia yao, sare zimefungwa kwenye vitenge. Usiku walilala parokiani. Mama aliniambia hakulala, alikuwa ananusa kahawa.

Asubuhi ziwa lilikuwa shwari na milima ya Livingstone imejifunika ukungu. Nilikuwa napanga viti nilipoisikia ya kwanza, kutoka chumba cha pembeni, kengele ya simu. Kisha nyingine. Kisha kwenye safu nzima ya vyumba, moja baada ya nyingine, kila moja na mlio wake. Mtandao siku ile ulikuwa umekatika tangu alfajiri, lakini zililia tu, kwa sababu hazikuhitaji mtandao. Nilisimama na kiti mkononi nikisikiliza. Sijawahi kusikia kwaya nzuri kama ile.

Saa mbili walikuwa ukumbini. Mnunuzi mmoja, mama wa Kichaga mkavu wa maneno, alitazama saa, akatazama jukwaa tupu. "Wenyeji wako wapi?"

"Hawa hapa," nikasema.

Wanawake wakaingia na sare zao za kioda, wamebeba vikombe badala ya kucheza. Wakamwaga maji ya moto juu ya kahawa iliyosagwa, wakasubiri utando ukae juu, wageni wakachukua vijiko, wakauvunja, wakainama wakanusa. Mama alikuwa amesimama mwisho wa meza, ameshika ncha ya kitenge chake kwa mikono miwili. Nilimtazama yeye, sikuwatazama wageni. Yule mama wa Kichaga akavuta kahawa kwa kijiko kwa ule mlio wao wa ovyo, akatulia, akavuta tena.

"Hii ya nani?"

Mwenyekiti akamsukuma mama kidogo mgongoni.

"Ya kwetu," mama akasema. "Inanuka moshi?"

"Moshi? Nani kasema moshi?" Akaitia pua tena kikombeni. "Dada yangu, hii inanuka maua."

Mama akakaa chini kwenye kiti cha wageni, akalia. Wenzake wakapiga vigelegele, na mmoja wa wageni wa nje, asiyeelewa neno, akapiga makofi. Mpaka bwana mkubwa anafika, wageni walikuwa wamechukua sampuli zilizoandikwa jina la kikundi, wameandikiana namba za simu, na wawili wao wameahidi kupita Ruanda wakati wa kurudi waone vichanja kwa macho. Walipita kweli. Na mmoja, aliyekuwa ameangalia tovuti yetu kabla ya kuja, aliitambua ile khanga kwenye mti wa kichanja, akauliza kwa mshangao kama hapa pia ni kwa mkurugenzi. Mama akamjibu hapana, hapa ni kwake. Kuanzia msimu ule kikundi kiliuza kahawa kwa jina lake chenyewe.

Bwana mkubwa aliingia ukumbini saa nne imepita kidogo, na suti, na hotuba mfukoni, na mhasibu nyuma yake amebeba sampuli. Vikombe vilikuwa vinaoshwa. Wageni walikuwa ufukoni wanatazama mitumbwi inashusha dagaa.

"Imekuwaje? Nani kabadilisha saa?" Akatoa simu yake. "Saa nne! Hii hapa!"

Yule mama wa Kichaga alikuwa amerudi kuchukua mkoba. Akatoa simu yake, akaisogeza karibu na ya bosi. Saa mbili.

Akanigeukia. Ile sauti inayosikika kabla ya mlango ilikuwa imepungua. "Ulibadilisha au hukubadilisha?"

"Nilibadilisha kwenye tovuti, Mkurugenzi, kama ulivyoagiza. Wao walikuwa wameshachukua mafaili. Yanakaa kwenye simu zao."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Mimi kazi yangu ni kubofya," nikasema. "Kupanga nilikuachia wewe."

Mhasibu akageuka akatazama ziwa. Kazi nilipoteza palepale, mbele ya watu, na sikujali. Nilirudi Ruanda juu ya lori na wanawake, nikiimba kioda nisichojua maneno yake. Baadaye nilifungua duka langu la kuchapa na kurudufu pale Mbinga, na ndilo ninalokula nalo mpaka leo.

Sasa ule mstari. Faili la kalenda linaweza kubeba agizo la kurudia, kila wiki, kila mwezi, au kila mwaka. Kila mgeni alikuwa na kiungo chake, kwa hiyo ningeweza kumpa mmoja kitu ambacho wengine hawana. Kwenye faili lake nilikuwa nimeandika lirudie kila mwaka, bila mwisho. Mwaka uliofuata, siku ileile, saa moja kabla ya saa nne, simu yake ikalia katikati ya kikao na kumkumbusha jambo ambalo hakuhitaji kukumbushwa. Aliifuta. Simu ikamuuliza, ufute hii tu au zote zijazo? Kwa haraka akabonyeza ya kwanza. Najua kwa sababu fundi simu anayefanya kazi kibarazani kwangu ndiye aliyepelekewa simu hiyo, mwaka mwingine tena ilipolia. Fundi akanisimulia yote, akaniuliza inaondolewaje. Nikamwambia sijui.

Mama nilipomsimulia hakucheka. Aliweka chini ungo. "Lile la Lituhi nililielewa," akasema. "Hili sasa ni dhambi. Mwache mtu apumzike." Kwake, akishasema dhambi hakuna mjadala. Nikaondoka nimekasirika, nikiwaza kwamba yeye atasamehe mpaka aingie kaburini.

Mwaka uliofuata siku ile ilipofika sikumbuki nilikuwa nafanya nini, nadhani nilikuwa narudufu mitihani. Simu yangu ikaita. Alikuwa mama, ambaye kwa kawaida hupiga jioni, baada ya kazi. Nilisikia nyuma yake wanawake wanaongea na kahawa inachakarishwa juu ya vichanja. Hakunisalimu, wala hakunisubiri nimwamkie.

"Saa tatu hiyo," akasema. "Imelia?"